Asilimia 65 ya Gunia: Kusoma Unyevu kwa Arduino na Kujua Kelele Inatoka Wapi

Siongiroi iko Chepalungu, upande wa Bomet ambako chai imewaachia nafasi mahindi na ng'ombe wa maziwa. Ukipanda kuelekea Konoin au Litein utakuta viwanda vya majani chai, na ndani yake chumba cha kunyaushia ambako hewa hupimwa kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevikwa kitambaa chenye maji. Huku chini swali la unyevu wa hewa huulizwa kwenye stoo ya mahindi. Mvua haikatiki kwa urahisi, mahindi huvunwa yakiwa bado na maji, na mkulima anataka kujua kama punje zimekauka kiasi cha kufungiwa kwenye gunia.

Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kipimo cha kupima punje zenyewe ni ghali, lakini ipo njia ya kuzunguka. Punje na hewa iliyo katikati yake hupeana maji mpaka zilingane. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5, katika halijoto za kawaida, huweka hewa hiyo kwenye unyevu wa karibu asilimia 65. Ikivuka 70 kuvu huanza kupata nafasi, na kadiri inavyosogea kwenye 80 na zaidi ndivyo Aspergillus flavus, kuvu anayetoa sumu ya aflatoksini, anavyostawi. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, sumu hiyo iliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Kwa hiyo kihisi cha bei nafuu kilichozikwa ndani ya gunia kinaweza kujibu swali zito, mradi tuweze kukiamini katika eneo hilo jembamba kati ya 60 na 70.

Shida ni kwamba kihisi hakitoi namba moja iliyotulia. Hutoa 68.2, kisha 67.7, kisha neno nan, kisha 99.9, kisha 67.9. Desturi iliyoenea ni kukusanya namba kumi, kuzijumlisha, kugawanya kwa kumi na kuendelea. Nashikilia kwamba desturi hiyo hutibu ugonjwa mdogo na kuacha mikubwa. Makosa ya kihisi yana asili tofauti, na wastani hufaa kwa mojawapo tu.

Tuanze na jinsi kihisi kinavyozungumza, maana huko ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Vinavyopatikana kwa wingi madukani ni DHT11 na DHT22, na kila kimoja huunganishwa kwa Arduino Uno kwa waya wa umeme, waya wa ardhi na waya mmoja wa data. Waya wa data hushikiliwa juu na rezista ya kiloomu 4.7 hadi 10. Arduino huushusha kwa muda mfupi kuomba usomaji, kihisi hujibu, kisha hutuma biti 40. Kila biti huanza na kimya cha mikrosekunde 50, halafu waya hupanda: ukikaa juu mikrosekunde 26 hadi 28 hiyo ni sifuri, ukikaa 70 hiyo ni moja. Baiti mbili za kwanza ni unyevu, mbili zinazofuata ni halijoto, na ya tano ni jumla ya zile nne, iliyobakizwa biti nane za chini. Arduino hupiga hesabu hiyo upya, na isipolingana usomaji hutupwa.

Hapo tayari tunaona kosa la kwanza, usomaji uliokosekana. Maktaba ya Adafruit, ambayo wengi huitumia, hurudisha nan pale jumla inapokataa au kihisi kinapokaa kimya. Sababu huwa waya mrefu mno, rezista iliyosahauliwa, kiungo kilicholegea, au umeme unaoyumba. Kwa mitambo ya mashambani nataka kusisitiza hii ya mwisho. Mtu akiwa Siongiroi na stoo yake iko mbali na nyumba, ataongeza moduli ya simu kama SIM800L ili ipeleke SMS. Moduli hiyo huvuta mkondo hadi ampea 2 kwa mshindo mfupi kila inapotuma. Betri ndogo ya sola hushuka volti kwa kitambo, na kihisi kilichokuwa katikati ya kutuma biti zake huchanganyikiwa. Utambuzi wake ni rahisi: makosa hujikusanya kwenye dakika zilezile za kutuma ujumbe. Tiba ni kusoma kihisi kwanza na kutuma baadaye, na moduli ya simu ipewe njia yake ya umeme yenye kapasita kubwa karibu nayo. Hakuna hesabu ya kulainisha inayochukua nafasi ya waya mzuri.

Kosa la pili ni namba ya uongo iliyopita mlangoni. Ile jumla ya baiti nne ni ulinzi dhaifu, kwa sababu biti mbili zikiharibika kwa pande zinazofutana jumla hubaki sawa. Tone la maji likitua kwenye kihisi nalo huleta 99.9 iliyotumwa kwa usahihi kabisa. Tuchukue mfano wa namba tano: 68.2, 67.7, 68.1, 99.9 na 67.9. Wastani wake ni 74.4. Mkulima akiiona hiyo ataamini gunia limeshavuka 70 na kuvu imeanza kulishika, ilhali namba nne kati ya tano zinasema 68. Sasa zipange kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati: 68.1. Namba ya uongo imebaki pembeni, haikuvuta chochote. Njia hii ya thamani ya kati inayotembea ilipata umaarufu kupitia mtakwimu Mmarekani John Tukey katika miaka ya 1970, nayo haihitaji zaidi ya kumbukumbu ya namba tano.

Ina mpaka wake, na ni mpaka wenye manufaa. Dirisha la namba tano huvumilia uongo wa namba mbili. Zikiwa tatu, thamani ya kati yenyewe inakuwa ya uongo. Lakini kama namba tatu kati ya tano zimeharibika, huna tena kelele ya kulainishwa. Una maji kwenye kihisi au waya uliokatika nusu, na programu inapaswa kukuambia hivyo badala ya kuficha.

Kosa la tatu ndilo watu hulifikiria wanaposema kelele: kutetemeka kidogo kwa kila usomaji, sehemu moja hadi tatu za kumi za asilimia huku na huku. Katika DHT22 mtetemo huu ni mdogo, na ndiyo sababu naona umepewa umuhimu kupita kiasi. Wastani wa namba nyingi huupunguza kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: namba nne hupunguza mtetemo hadi nusu, namba kumi na sita hadi robo. Faida hupungua upesi huku ucheleweshaji ukiongezeka. Kwa wastani unaotembea wa namba kumi zinazosomwa kila dakika, jibu huwa limechelewa dakika nne na nusu.

Tena kuna mtego ambao nimeuona katika programu nyingi. Mtu huandika kitanzi kinachosoma kihisi mara kumi mfululizo bila kusubiri, akidhani amepata namba kumi. DHT22 haina namba mpya kabla ya sekunde mbili kwisha, na maktaba ya Adafruit, ikiulizwa ndani ya muda huo, hurudisha ileile iliyohifadhi. Wastani wa namba moja iliyorudiwa mara kumi ni namba hiyohiyo, na kama ilikuwa 99.9, wastani ni 99.9. Kwa gunia la mahindi, ambalo unyevu wake hubadilika kwa saa na siku, usomaji mmoja kwa dakika unatosha na kubaki.

Badala ya kuhifadhi namba nyingi na kuzijumlisha, napendelea wastani unaofifia. Unabeba namba moja tu, na kila usomaji mpya unaisogeza sehemu fulani ya tofauti:

```
laini = laini + ALFA * (mpya - laini);
```

ALFA ikiwa 0.1, jibu husogea sehemu moja ya kumi ya njia kila dakika. Tuseme unyevu umepanda ghafla kutoka 60 hadi 70. Baada ya dakika kumi jibu litakuwa limefika 66.5, na baada ya dakika thelathini 69.6. Kwa gunia hiyo ni kasi ya kutosha kabisa. Kwa feni ya kikaushio ambayo lazima izimwe kwa dakika, ni polepole mno, na ALFA ingepaswa kuongezwa. Kiasi cha kulainisha huamuliwa na kasi ya kitu unachokipima na uamuzi unaotaka kuufanya. Kupendeza kwa mchoro kwenye skrini si kigezo.

Wastani huu una udhaifu wake kwa namba ya uongo. Ukiulisha ile 99.9 ukiwa kwenye 68, utaruka hadi 71.2, na dakika kumi baadaye bado utakuwa 69.1. Ndiyo sababu mpangilio ni muhimu: kwanza tupa nan, halafu thamani ya kati, na mwisho kabisa wastani unaofifia. Ukigeuza mpangilio, uongo utakuwa umeshasambazwa kwenye namba jirani kabla ya kukamatwa. Na nan ni hatari kuliko zote. Ikiingia mara moja kwenye ile fomula, kila jumla inayofuata nayo ni nan, na mtambo utaonyesha nan mpaka uzimwe na kuwashwa upya.

Sehemu ya maandalizi na ya thamani ya kati inaandikwa hivi:

```cpp
#include <DHT.h>
DHT kihisi(2, DHT22);
const float ALFA = 0.1;
const float SAHIHISHO = 0.0;
float dirisha[5];
byte idadi = 0, nafasi = 0;
float laini = NAN;
unsigned long mwisho = 0;

float kati() {
  float n[5];
  memcpy(n, dirisha, sizeof(n));
  for (byte i = 1; i < 5; i++)
    for (byte j = i; j > 0 && n[j] < n[j-1]; j--) {
      float t = n[j]; n[j] = n[j-1]; n[j-1] = t;
    }
  return n[2];
}
```

Na hii ndiyo inayosoma, kukataa na kulainisha kila dakika:

```cpp
void setup() {
  Serial.begin(9600);
  kihisi.begin();
}

void loop() {
  if (millis() - mwisho < 60000UL) return;
  mwisho = millis();
  float h = kihisi.readHumidity();
  if (isnan(h) || h < 5 || h > 100) {
    Serial.println("kosa");
    return;
  }
  dirisha[nafasi] = h;
  nafasi = (nafasi + 1) % 5;
  if (idadi < 5) idadi++;
  if (idadi < 5) return;
  float m = kati() + SAHIHISHO;
  laini = isnan(laini) ? m : laini + ALFA * (m - laini);
  Serial.print(h);
  Serial.print(',');
  Serial.println(laini);
}
```

Mambo mawili hapo yanastahili neno. Wastani hauanzi kwenye sifuri. Hungoja thamani ya kati ya kwanza na kuanzia hapo. Ungeanza na sifuri, kwa nusu saa ya kwanza gunia lingeonekana kavu kuliko lilivyo. La pili, programu inachapisha namba ghafi kando ya namba iliyolainishwa. Usiitupe ghafi. Siku mambo yatakapoharibika, hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama uongo unakuja mmojammoja, kwa makundi, au wakati wa SMS. Neno "kosa" likianza kuonekana mara nyingi kuliko zamani, kagua waya kabla ya kugusa ALFA.

Sasa tufike kwenye kosa la nne, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote matatu yaliyotangulia: kihisi kinachokosea upande mmoja kila mara. Watengenezaji wa DHT22 husema usahihi wake ni asilimia 2 huku na huku, na kwamba unaweza kufika 5. DHT11 ni 5, nayo husoma kwa hatua za asilimia nzima. Ukiwa na mpaka wa 65, kihisi kinachosoma pungufu kwa 5 kitasema 65 wakati hewa ya gunia ni 70. Unaweza kusoma mara elfu moja na kuchukua wastani. Utapata 65 iliyotulia kabisa, na bado ni ya uongo. Utulivu huo ndio unaopotosha, kwa sababu namba isiyotetemeka humfanya mtu aiamini. Ndiyo maana DHT11 siishauri kabisa kwa kazi hii. Mwenye uwezo wa kuongeza fedha kidogo atafute SHT31, ambayo hutuma data kwa njia ya I2C ikiwa na ulinzi imara zaidi wa makosa. Hata hiyo haiepuki jaribio ninalolieleza sasa.

Jaribio lenyewe linahitaji chumvi ya jikoni. Chumvi iliyoloweshwa kwa maji machache, ikafungiwa mahali padogo, huweka hewa yake kwenye unyevu wa asilimia 75.5 kwa nyuzi 20 na 75.3 kwa nyuzi 25. Ni 75 kwa Siongiroi asubuhi na 75 kwa Mombasa mchana. Chukua kifuniko cha chupa, ujaze chumvi, utie maji matone machache hadi iwe mithili ya mchanga mbichi, isielee wala isibaki kavu. Kiweke ndani ya mtungi wa plastiki wenye kifuniko kizuri, ning'iniza kihisi juu yake bila kugusa chumvi, pitisha waya kwenye tundu dogo na ulizibe kwa nta au gundi. Weka mtungi chumbani mahali ambapo jua haliufikii, uuache usiku kucha. Asubuhi soma namba iliyolainishwa. Kama ni 79, kihisi kinazidisha kwa karibu 4, nawe utaandika -4.0 mahali pa SAHIHISHO. Kama ni 71, utaandika 4.0.

Jaribio hili hupima nukta moja tu, na marekebisho yake ni ya kuaminika jirani na nukta hiyo. Bahati nzuri 75 haiko mbali na 65 tunayoihitaji. Lirudie kila msimu, SAHIHISHO ikiwa imerudishwa kwanza kwenye 0.0, kwa sababu vihisi hivi huzeeka. Vumbi la mahindi, mvuke wa dawa za kuhifadhia nafaka na kukaa kwa muda mrefu kwenye unyevu wa zaidi ya asilimia 90 huvisogeza taratibu, na mwendo huo hauonekani kwenye mchoro wa siku moja.

Lipo pia kosa la upande mmoja ambalo mtumiaji hujitengenezea mwenyewe kwa kukibana kihisi kando ya bodi ndani ya kasha moja. Kirekebishi volti cha Arduino hupata joto, hasa ukiilisha volti 12. Hewa inayozunguka kihisi ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 22, unyevu wa asilimia 70 husomeka kama 62, kwa sababu hewa ya joto ina uwezo wa kubeba mvuke zaidi ilhali mvuke wenyewe haujaongezeka. Nyuzi mbili tu zimelihamisha gunia bovu hadi upande wa salama. Hili ni kosa la hatari, maana linaelekea kule kunakodhuru watu. Kulitambua si kazi: zima mtambo kwa saa moja, uuwashe, uangalie kama halijoto inapanda na unyevu unashuka katika dakika za kwanza bila hali ya stoo kubadilika. Ukiona hivyo, toa kihisi nje ya kasha, umbali wa nusu mita au zaidi.

Halafu kuna swali la kipi kisilainishwe. Stoo ya mabati huwaka mchana na kupoa usiku. Tuseme hewa yake ina unyevu wa 52 saa nane mchana na 88 alfajiri. Wastani wa saa 24 unaweza kuwa 70 na usikuambie kitu kuhusu ile alfajiri ambapo maji yalitonea magunia ya juu kutoka kwenye bati. Kupanda na kushuka huko kwa siku si kelele, ni habari yenyewe. Kwa hiyo hewa ya stoo ihifadhiwe kama kiwango cha juu na cha chini cha kila siku, na kulainisha kwa dakika kumi kusivukwe. Kihisi kilichozikwa katikati ya gunia la kilo 90 ni habari nyingine: punje hukinga joto, mzunguko wa siku hufika ukiwa umefifia sana, na hapo namba iliyolainishwa ndiyo ya kufuatwa.

Anayetaka jibu kabla ya kufunga magunia hahitaji kuzika kihisi katika kila moja. Achote vikombe kadhaa vya mahindi kutoka katikati na pembezoni mwa lundo, avitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kihisi, afunge mdomo na kuuweka kivulini. Angoje namba iliyolainishwa iache kusogea kwa robo saa nzima, na isomwe hapo. Mahindi yaliyotoka juani muda huohuo yapoe kwanza, la sivyo halijoto ya mfuko itaendelea kubadilika na namba pamoja nayo. Ikisimama kwenye 65 au chini, kwa kihisi kilichopimwa kwa chumvi, mahindi yanafungika. Ikisimama kati ya 65 na 70, yarudi juani siku moja zaidi, kwa sababu eneo hilo ni jembamba kuliko makosa ya kihisi chenyewe na si mahali pa kubahatisha chakula cha nyumba. Kihisi ambacho hakijapitia mtungi wa chumvi msimu huu kisipewe sauti kabisa katika uamuzi huo, hata kama namba yake imetulia namna gani.